Pole Mama, Maji Hayajarudi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya ofisi kabla ya saa moja asubuhi, mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimeshika kwelikweli huku Matinyani. Uliandikwa hivi: "Habari ya asubuhi. Maji ilipotea juzi na mpaka sasa hakuna. Niko na mgonjwa ametoka hospitali. Bili nimelipa. Tutakaa hivi hadi lini?"

Jibu letu lilimfikia papo hapo, kwa sababu lilikuwa limehifadhiwa tayari: "Mteja wetu mpendwa, ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Asante kwa kuendelea kuwa nasi."

Mama yule akajibu kwa neno moja: "Ombi?"

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa dawati la wateja katika mradi mmoja wa maji, tukiwa makarani watatu na laini moja ya simu. Neno lile lilinisumbua siku nzima, maana alikuwa na haki. Hakuwa ameomba chochote, alikuwa ameuliza. Alitupa mambo manne: siku maji yalipopotea, mgonjwa nyumbani, bili iliyolipwa, na swali la lini. Sisi hatukugusa hata moja. Tena tulimwomba radhi kwa usumbufu "wowote", kana kwamba hatukujua ni upi, na yeye ndiye aliyekuwa ametueleza.

Tangu hapo nimeandika na kufuta majibu mengi ya tayari, na ninalotaka kuwaambia wenzangu wenye dawati kama lile ni hili: andaeni sehemu ya katikati ya jibu, mwanzo na mwisho mviandike kwa mkono kila mara. Katikati ndipo penye mambo yasiyobadilika kutoka mteja hadi mteja: chanzo cha tatizo, hatua zinazochukuliwa, namba ya Peibili, njia ya kusoma mita. Hayo ukiyaandika upya mara arobaini kwa siku utachoka, na utakosea namba. Mwanzo na mwisho ni vya mtu mmoja tu, yule aliyekuandikia. Haviandaliki, na wala havichukui muda. Sentensi moja mbele na moja nyuma ni kazi ya nusu dakika.

Sentensi ya kwanza ina jukumu moja tu, kumwonyesha mtu kwamba ujumbe wake umesomwa. Salamu haitoshi kufanya hivyo, na jina lake halitoshi pia. Inayofanya kazi hiyo ni kurudisha kitu kimoja alichokitaja mwenyewe. Kwa mama yule ingekuwa: "Pole sana Mama, siku mbili bila maji na mgonjwa nyumbani ni ngumu." Basi. Usimrudishie yote manne, kwa sababu hapo utasikika kama karani wa korti anayesoma mashtaka. Chagua lile zito zaidi. Na pima hivi: sentensi yako ya kwanza, je, ungeweza kuwatumia watu watano wa leo bila kubadilisha neno? Kama ungeweza, hujaandika kwa mkono, umeandika kiolezo kingine.

Sentensi ya mwisho ina jukumu la pili, kumpa mtu huyu njia moja inayomfaa yeye, na mtu wa kumtafuta. "Kioski cha sokoni kina maji, nimeongea na muuzaji akuwekee mitungi minne. Mwambie umetumwa na mimi." Kisha jina la karani, jina la mtu halisi. Usiandike "Kitengo cha Huduma kwa Wateja". Nilikuwa naogopa kwamba majina yangewaletea makarani usumbufu. Kilichotokea ni kwamba wateja walipunguza ukali, kwa kuwa mtu akijua anaongea na nani hupima maneno.

Sasa tuingie katikati, ambako kiolezo chenyewe kinaishi. Hiki ndicho tulichofikia baada ya kurekebisha mara nyingi, cha siku ambayo pampu imesimama:

> ## (mkono)
> Pampu ya kisima ilisimama ## (siku na wakati) kwa sababu ## (nini kilitokea). Fundi ## (yuko wapi, anafanya nini). Bado hatujui saa ambayo maji yatarudi. Tutakuandikia tena ## (saa) hata kama hakuna jipya.
> ## (mkono)
> ## (jina lako)

Angalia jinsi nafasi zilivyokaa. Kila nafasi hupokea ama wakati, ama jina, ama maneno kamili yenye kitenzi chake. Hakuna mahali ambapo karani anajaza jina la kitu peke yake katikati ya sentensi. Hili nalikazia kwa sababu ndilo kosa linalofichua mashine upesi kuliko yote katika Kiswahili, na violezo vilivyotafsiriwa kutoka lugha za kigeni vimejaa kosa hilo. Mtu huandika: "## yako imepokelewa na inashughulikiwa." Siku ya kwanza karani anajaza "simu" au "ripoti" na sentensi inakaa sawa. Siku ya pili anajaza "malalamiko", inatoka "malalamiko yako imepokelewa". Siku ya tatu ni "ombi yako imepokelewa", na ya nne "mfereji yako imepokelewa". Ni kweli kwamba wengi wetu huku tunasema "maji imeisha" na hakuna anayeshtuka, kama mama yule alivyoandika. Lakini mtu akiongea hivyo anasikika mtu. Ofisi inapoandika kwa lugha rasmi ya "inashughulikiwa" halafu upatanisho ukavunjika mahali pamoja tu, msomaji anaona wazi kwamba kuna shimo na kitu kimetiwa ndani yake.

Dawa yake ni kuacha jina la kitu ndani ya maandishi ya kudumu. Kama una shida za aina tatu, andika violezo vitatu: bomba limepasuka, mita imesimama, mfereji umekatwa. Vitatu vifupi ni afadhali kuliko kimoja chenye shimo. Hata majina ya mahali yanataka jicho. Huku kwetu yapo yanayoanza na "Kwa", na kiolezo kilichoandikwa "maji yatafika kwa ##" kitatoa "kwa Kwa Mutonga". Andika "maji yatafika upande wa ##" na hakuna jina litakalokuaibisha.

Kuhusu ile alama ya ##, niliichagua kwa kuumia. Mwanzoni tulitumia mabano matupu, na siku moja karani mwenye haraka alimtumia mzee mmoja wa Kauwi ujumbe uliosema fundi atafika "(saa)". Alama mbili za reli zinakera macho, na kazi yake ni hiyo: karani akiona ## bado ipo, hatumi. Usitumie nyota, kwa sababu kwenye WhatsApp nyota mbili zikizunguka neno hulifanya jeusi na zenyewe hutoweka, kwa hiyo shimo lako linapotea machoni kabla hujalijaza.

Nitaje na chombo chenyewe, maana wengi wanacho mkononi na hawakitumii. WhatsApp Business, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2018, ina mahali pa kuhifadhi majibu. Unafungua `Business tools`, kisha `Quick replies`, unaandika jibu na kulipa jina fupi. Ukiwa kwenye mazungumzo unaandika mkwaju na jina hilo, mfano `/pampu`, na jibu linajitokeza kwenye sanduku la kuandikia. Halijaenda bado. Hapo ndipo unapojaza ## na kuongeza mwanzo na mwisho. Nafasi zilizopo ni 50, ingawa ofisi ndogo yenye majibu zaidi ya 15 imeshaanza kujichanganya. Sisi tulikuwa na 11.

Usichanganye hayo na vitu viwili vinavyokaa jirani yake, ujumbe wa salamu na ujumbe wa kutokuwepo. Hivyo hujituma vyenyewe. Ule wa salamu humwendea anayeandika kwa mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Ule wa kutokuwepo huenda saa ulizozipanga. Havina mkono wa mtu, basi visijifanye vina mkono. Viandike kwa unyofu: "Huu ni ujumbe unaojituma wenyewe. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Bomba likipasuka usiku piga namba hii." Mtu hakasiriki kwa kuambiwa kwamba ofisi imefungwa. Anachokasirikia ni kudanganywa kwamba kuna mtu anamsikiliza saa nne ya usiku.

Saa zenyewe pia zina mtego. Kijana wa kompyuta alituwekea utaratibu wa kutuma taarifa kwa wengi, na taarifa zikatoka na "maji yatarudi 8:00". Walioisoma kwa Kiingereza walingoja saa mbili asubuhi. Wengine walingoja saa nane mchana, na wapo waliokesha hadi saa nane ya usiku mitungi ikiwa imepangwa. Tangu siku hiyo saa katika violezo vyetu huandikwa kwa maneno, na kipindi cha siku kinafuata: saa nane mchana, saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Ndivyo mtu anavyotamka mdomoni, kwa hiyo jibu linapata sauti ya mtu bila jitihada nyingine.

Kuna neno moja ndani ya kile kiolezo ambalo makarani wangu walilipinga: "Bado hatujui." Waliona linatuaibisha. Lakini fikirieni kinachotokea pampu ikisimama. Pampu imezama chini ya kisima kirefu. Fundi anapoitwa hajui kama kilichoungua ni kidhibiti kilicho juu ukutani, ambacho hubadilishwa kwa saa chache, au ni mota yenyewe kule chini, ambayo lazima mabomba yote yavutwe juu kipande kwa kipande. Mpaka apime, hakuna mwenye jibu la lini. Karani akishinikizwa huahidi "leo jioni", na jioni ikipita bila maji kiolezo chako kizima kimekuwa uongo uliotumwa kwa nyumba mia. Ndiyo maana hatuahidi maji, tunaahidi habari. "Tutakuandikia tena saa kumi jioni hata kama hakuna jipya." Ahadi hiyo iko mikononi mwa karani, haiko mikononi mwa mota. Na saa kumi ikifika lazima aandike, hata kama ni kusema mabomba bado yanavutwa. Ukishindwa mara moja tu, kiolezo hicho kimekufa, tafuta kingine.

Basi turudi kwa mama yule, tuone jibu lake lingekuwaje:

> Pole sana Mama, siku mbili bila maji na mgonjwa nyumbani ni ngumu.
> Pampu ya kisima ilisimama juzi jioni kwa sababu kidhibiti chake kiliungua stima ilipokatika na kurudi. Fundi amekitoa na ameenda nacho Kitui mjini kutafuta kingine. Bado hatujui saa ambayo maji yatarudi. Tutakuandikia tena saa nane mchana hata kama hakuna jipya.
> Bili yako nimeiona, iko sawa, kwa hiyo usiogope kukatiwa. Kioski cha sokoni kina maji, na muuzaji nimemwambia akuwekee mitungi minne.

Hesabu mwenyewe. Kilichoandikwa kwa mkono ni mistari miwili na vijazo vinne, na chini yake huja jina la karani. Katikati yote ilitoka kwa `/pampu`. Mambo yake manne yamejibiwa, na lile la lini limejibiwa kwa ukweli.

Je, umwite "Mama"? Hapa sina kanuni ya kila mahali, nina mazoea ya kwetu. Mwenye umri mwite Mama au Mzee, mwalimu mwite Mwalimu, na anayejitambulisha kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, mwite hivyo hivyo alivyojiita. Akiandika Kikamba, mjibu kwa Kikamba, na *mwaitu* itamkalia vizuri kuliko Mama. Usimwite mtu yeyote "mpendwa", labda kama mnaimba naye kwaya moja. Na usikubali programu ijaze jina kutoka kwenye malipo ya M-Pesa. Jina linaloletwa na malipo ni la mwenye laini, limeandikwa kwa herufi kubwa, na mara nyingi siye anayeandika. Tumewahi kumsalimu mjane kwa jina la marehemu mumewe, kwa sababu laini ilikuwa bado imesajiliwa kwa jina lake. Hakuna sentensi ya kurekebisha jambo kama hilo. Tulikwenda nyumbani kwake.

Kikamba kimenikumbusha jambo la gharama, kwa wale wanaotuma taarifa kwa SMS, na bado wengi wanahitaji SMS kwa ajili ya wateja wenye simu za kitufe. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160. Lakini hizo 160 ni za orodha maalumu ya herufi, na ĩ na ũ za Kikamba hazimo katika orodha hiyo. Ukiweka ũ moja tu, ujumbe wote hubadilishwa aina na uwezo wake hushuka hadi herufi 70. Ukizidi 70 hugawanywa vipande vya herufi 67. Kwa hiyo taarifa ya herufi 150 iliyoishia kwa "nĩ mũvea" haiwi ujumbe mmoja tena, inakuwa mitatu, na unalipia mitatu kwa kila mteja. Ukiwa na wateja 800, umelipia jumbe 2,400 kwa ajili ya shukrani moja. Watu wengi huku huandika tu "ni muvea" kwenye SMS na wanaelewana, nanyi fanyeni hivyo. Kwenye WhatsApp andikeni kwa alama zake zote, huko hazina bei.

Kiswahili nacho kina mtego wake, mdogo zaidi na unaojificha zaidi. Ni kile kiritifaa cha ng'ombe na ng'ambo. Kilichonyooka kama unavyokiona hapa hakina shida. Lakini ukiandika kiolezo kwenye kompyuta, programu nyingi hukipinda kuwa ’, na hicho kilichopinda hakimo katika orodha. Jina moja lenye ng' likitoka kwenye kompyuta linaweza kuongeza gharama mara tatu bila mtu kujua kwa nini. Kabla ya kutuma kwa wengi, jitumie mwenyewe na usome idadi ya vipande ambayo mtambo wa kutumia unakuonyesha. Taarifa ya herufi 150 ikionyesha 3, tafuta alama iliyopinda.

Violezo viwili vingine vinastahili maneno, kwa sababu ndivyo vinavyoleta ugomvi. Cha kwanza ni cha bili iliyopanda. Jibu la kawaida ni "mita ilisomwa ipasavyo", na hilo ni sawa na kumwambia mtu kwamba anadanganya. Sisi tuliandika kiolezo kinachomgeuza mteja kuwa mpimaji mwenzetu:

> ## (mkono)
> Bili inasema umetumia yuniti ##. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kwa hiyo ni mitungi ##. Leo usiku kabla ya kulala funga mifereji yote, usome mita na uandike namba. Asubuhi, kabla mtu hajafungua maji, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanavuja baada ya mita. Ikiwa haijasogea, tutumie picha ya mita tuilinganishe na usomaji wetu.
> ## (mkono)

Kinachofanya kazi hapo ni mitungi. Yuniti 14 haimwambii mama wa nyumbani kitu, lakini mitungi 700 anaiona kwa macho, na anajua kama familia yake ingeweza kuibeba kwa mwezi. Mara nyingine anajibu mwenyewe kwamba walikuwa wanafyatua matofali. Mara nyingine anasema haiwezekani, na tukienda tunakuta bomba limetoboka chini ya mwembe, pale ambapo nyasi ni mbichi mwezi wa nane. Sentensi ya mkono mwanzoni ni lazima iseme kwamba umeona tofauti: "Nimeangalia, mwezi uliopita ulikuwa yuniti sita, kweli imeruka." Karani anayeandika hivyo amekwisha kuwa upande wa mteja kabla hawajabishana.

Cha pili ni cha "nimelipa lakini bado inaonyesha deni". Mara nyingi mteja amekosea tarakimu moja ya akaunti kwenye Peibili. Ofisi nyingi humwambia, "Tutumie ujumbe wa M-Pesa." Usiombe ujumbe mzima. Una salio la mtu ndani yake, na huna kazi na salio lake. Omba tu ile namba ya muamala iliyo mwanzoni, yenye herufi na tarakimu 10, na umwambie ainakili badala ya kuiandika, kwa sababu sifuri na herufi O hufanana. Ongeza sentensi ya kudumu: "Hatutakuomba PIN yako kamwe, na anayeiomba si sisi." Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ofisi ikusanye kile tu inachokihitaji, lakini hata bila sheria mteja huona tofauti kati ya anayeuliza namba moja na anayetaka kuchungulia mfuko.

Kuna sababu nyingine ya kuchukia maneno ya jumla katika mambo ya pesa. Matapeli nao hutuma majibu ya tayari. "Mteja wetu mpendwa, akaunti yako ina tatizo, piga namba hii" ni maneno yao. Ukiandika kama wao, mteja mwangalifu atakukwepa, na huyo ndiye hasa uliyetaka akujibu. Ujumbe unaotaja kiasi alicholipa, siku aliyolipa na kijiji chake ni vigumu kuigizwa na mtu asiyemjua.

Mtu ataniuliza violezo hivi vinatoka wapi mwanzoni. Usikae mezani ukavibuni. Fungua simu ya ofisi, rudi nyuma mwezi mmoja, utafute majibu ambayo baada yake mteja alisema asante na hakuuliza tena. Kwetu mengi yalikuwa ya karani mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwa ameenda chuo cha biashara wala mawasiliano. Aliandika kama anavyoongea sokoni Kabati. Tulichukua sentensi zake za katikati, tukaziondolea majina na saa, tukaweka ##. Maneno kama "usiogope kukatiwa" ni yake. Mimi ningeandika "huduma yako haitasitishwa", na hiyo ingekuwa hasara.

Toleo la Kikamba nalo liandikwe na mtu anayekiongea nyumbani, akianza na jambo lenyewe. Asitafsiri Kiswahili mstari kwa mstari. Ukimpa karatasi ya Kiswahili atakurudishia Kiswahili kilichovaa Kikamba, na wazee watalijua hilo kabla ya sentensi ya pili.

Mwisho wa juma tulikuwa tunakaa nusu saa na chai, tunafungua mazungumzo 20 ya juma hilo bila kuyachagua. Tulitafuta kitu kimoja: mahali ambapo mteja, baada ya jibu letu, aliuliza tena kile kile. "Sawa, lakini lini?" "Nimeelewa, lakini nilipe wapi?" Kila swali kama hilo ni tundu katika kiolezo fulani, na linazibwa siku hiyo hiyo kwa kubadilisha sentensi ya katikati. Tuliangalia pia violezo vyenye taarifa ya muda. Tangazo la zamu za maji lililohifadhiwa mwezi wa saba lilikutwa bado linatumwa mwezi wa kumi na moja, mvua ya vuli ikiwa imeshanyesha na zamu zimebadilika. Baada ya hapo kila kiolezo cha aina hiyo kilipewa mwezi ndani ya jina lake, `/zamu07`, `/zamu11`, na karani aliyekuwa akifungua ofisi tarehe moja alifuta cha mwezi uliopita kabla ya kujibu mtu yeyote.